MAJI HAYASEMI UONGO, LAKINI HAYASEMI YOTE
Jinsi ya kukagua mikropipeti kwa mizani, na kwa nini damu na asetoni huidanganya

Buhongwa ni kata iliyo kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Kutoka huko hadi ufuoni mwa Ziwa Viktoria si mbali, na kama ilivyo mahali pengi kandokando ya ziwa hilo, malaria na upungufu wa damu kwa watoto wadogo ni mambo ambayo wataalamu wa maabara hukutana nayo mara kwa mara. Tuchukue basi mfano wa maabara ndogo iliyo mahali kama hapo, inayopima hemoglobini kwa njia ya Drabkin. Tarakimu za mfano huu zimetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini kila hatua yake ni ile ile ifuatwayo katika maabara ya kweli.

Katika njia hiyo, mikrolita 20 za damu huchanganywa na mililita 5 za mchanganyiko wa Drabkin. Chembe nyekundu hupasuka, hemoglobini hugeuzwa kuwa dutu yenye rangi moja isiyobadilika upesi, na ukolezi wa rangi hiyo husomwa kwa fotometa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 540. Hesabu nzima hutegemea kwamba damu iliyoingia ni mikrolita 20 kamili. Ikiingia pungufu kwa asilimia 7, jibu nalo litapungua kwa asilimia 7.

Sasa fikiri kwamba mtoto wa miaka miwili ana hemoglobini ya gramu 7.4 kwa kila desilita moja ya damu. Maabara yetu inampa jibu la 6.9. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtoto wa umri huo aliye chini ya gramu 7.0 ana upungufu mkubwa wa damu. Tukiacha kando masahihisho ya mwinuko wa mahali, ambayo hufanywa baadaye kwa jibu lolote lile, kosa la mikrolita moja na nusu hivi limemhamisha mtoto kutoka kundi moja la wagonjwa hadi jingine. Sampuli hiyo hiyo ilipopimwa kwenye maabara kubwa zaidi, jibu likawa 7.4. Hapana budi kumtafuta mkosaji.

Chombo chenyewe

Kwa miaka mingi wanasayansi walivuta vimiminika kwa mdomo kupitia mrija wa kioo, jambo lililowatia hatarini kumeza sumu au vijidudu. Mnamo mwaka 1957, daktari Mjerumani Heinrich Schnitger, aliyekuwa akifanya kazi mjini Marburg, alibuni pipeti yenye pistoni, springi na ncha ya plastiki inayoweza kutolewa. Mikropipeti za leo bado zinafuata wazo lake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba pistoni haigusi kimiminika. Kati yao kuna safu ya hewa iliyofungiwa. Pistoni ikipanda, hewa hiyo hutanuka kidogo, kanieneo yake hushuka, na kanieneo ya hewa ya nje husukuma kimiminika ndani ya ncha. Kwa hiyo mtumiaji huvuta hewa, na hewa ndiyo ivutayo kimiminika. Karibu makosa yote yatakayoelezwa hapa yanatokana ama na safu hiyo ya hewa ama na ukuta wa ncha.

Kitufe cha pipeti kina vituo viwili. Katika uvutaji wa kawaida, mtumiaji hubonyeza hadi kituo cha kwanza akiwa bado nje ya kimiminika, huishika pipeti wima, huzamisha ncha milimita 2 au 3 tu, kisha hukiachia kitufe polepole. Husubiri kama sekunde moja ili kimiminika kifike mahali pake, ndipo ainue ncha. Wakati wa kutoa, huegemeza ncha kwenye ukuta wa chombo, hubonyeza hadi kituo cha kwanza, husubiri kidogo, kisha hubonyeza hadi kituo cha pili ili kupuliza tone la mwisho. Ncha iliyozamishwa mno hubeba kimiminika kwa nje. Kitufe kikiachiwa ghafla, hewa huingia pamoja na kimiminika, au kimiminika huruka hadi ndani ya pipeti.

Mshukiwa wa kwanza: mwinuko wa Mwanza

Watu wa maabara yetu walianza kwa kulilaumu eneo lenyewe. Uso wa Ziwa Viktoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni karibu kilopaskali 88, hali ya kuwa pwani ni 101. Je, pipeti iliyosanifiwa mahali pa chini haiwezi kupima pungufu mahali pa juu?

Wazo hilo lina msingi. Safu ya kimiminika iliyoning'inia ndani ya ncha huivuta chini hewa iliyofungiwa na kuitanua, na hewa yenye kanieneo ndogo hutanuka zaidi. Tuchukue pipeti kubwa ya mikrolita 1,000 ambayo hewa yake iliyofungiwa ni mililita 2, na kimiminika kimesimama kwa kimo cha sentimita 5. Uzito wa maji ya kimo hicho hupunguza kanieneo kwa paskali 490. Kwa kanuni ya Boyle, pwani hewa itatanuka kwa mikrolita 9.7, na Mwanza kwa mikrolita 11.1. Kiwandani pistoni huwa imekwisha kurekebishwa ili kufidia mtanuko wa huko chini, hivyo kinachobaki ni ile tofauti tu, yaani mikrolita 1.4 katika 1,000. Hiyo ni kama asilimia 0.14, wakati pipeti ya ukubwa huo huruhusiwa kukosea kwa mikrolita 8. Katika pipeti ya mikrolita 20, ambamo kimiminika ni kifupi zaidi, athari ni ndogo mno kuweza kueleza upungufu wa asilimia 7. Mwinuko upo, lakini siyo mkosaji.

Mshukiwa wa pili: pipeti

Njia ya kuijaribu pipeti ni kupima uzito wa maji inayoyatoa. Miligramu moja ya maji ni karibu mikrolita moja, lakini siyo sawasawa, kwa sababu mbili. Kwanza, maji ya nyuzi 25 za Selsiasi yana densiti ya gramu 0.997 kwa mililita. Pili, hewa inayoizunguka mizani huyainua maji kidogo, kama vile ziwa linavyouinua mtumbwi. Sababu hizo mbili zikiunganishwa, kila miligramu inayosomwa kwenye mizani mjini Mwanza kwa nyuzi 25 ni mikrolita 1.0039. Pwani kizidisho hicho ni 1.0040. Joto la maji lina athari kubwa kuliko mwinuko, kwa hiyo hapana budi kutia kipimajoto ndani ya maji yenyewe.

Maabara ilitumia maji yaliyokenekwa, yaliyokaa pamoja na pipeti na mizani katika chumba kimoja kwa saa mbili ili vyote viwe na joto moja. Mizani ilikuwa ya kusoma hadi miligramu 0.1. Kiwango cha kimataifa namba 8655 hutaka mizani iliyo nyepesi zaidi kwa ujazo mdogo kama huu, lakini kwa kumsaka mkosaji wa asilimia 7 hiyo ilitosha. Chombo kidogo chenye maji kiasi kiliwekwa juu ya mizani, ncha mpya ikaloweshwa mara tano kwa kuvuta na kutoa maji, kisha mikrolita 20 zikatolewa mara kumi, na uzito ukaandikwa kila mara. Majibu kwa miligramu yalikuwa haya:

19.6, 19.5, 19.7, 19.6, 19.4, 19.6, 19.7, 19.5, 19.6, 19.6

Wastani wake ni 19.58. Ukizidishwa kwa 1.0039 tunapata mikrolita 19.66. Pipeti imepungukiwa kwa mikrolita 0.34, na kiwango kilichotajwa hapo juu huiruhusu pipeti ya mikrolita 20 kupotoka kwa mikrolita 0.20 tu. Mtu mwenye haraka angeiandikia pipeti barua ya kuachishwa kazi.

Lakini ziangalie tarakimu zenyewe. Zimekaribiana sana. Mchepuko sanifu wake ni mikrolita 0.09, ilhali kikomo ni 0.10. Pipeti inayovuja, au ambayo ncha yake haikukaa vizuri, kwa kawaida hutoa majibu yaliyotawanyika. Hapa kila jibu limepungua kwa kiasi kinacholingana, kana kwamba kuna mtu anayechota kidogo kila zamu. Mchotaji huyo ni joto la mchana. Maji yaliyo chomboni hugeuka mvuke kati ya kipimo kimoja na kingine.

Ili kumnasa, shughuli yote ilirudiwa kwa mwendo ule ule na kwa muda ule ule, ila bila kutoa maji. Baada ya zamu kumi chombo kilikuwa kimepoteza miligramu 2.0, yaani 0.2 kwa kila zamu. Tukizirudisha kwenye wastani tunapata 19.78, na tukizidisha kwa 1.0039 tunapata mikrolita 19.86. Upungufu wa kweli ni mikrolita 0.14, ambao umo ndani ya mpaka. Pipeti haina hatia. Katika ujazo mdogo, jaribio lisilopima mvukizo humhukumu asiye na kosa.

Mkosaji: utando wa damu

Hapa ndipo wengi hukwama. Mizani imesema pipeti ni nzima, lakini majibu ya damu bado ni pungufu. Jibu ni kwamba mizani ilishuhudia juu ya maji peke yake. Maji ni mepesi kutiririka na hayang'ang'anii plastiki. Damu ina mnato mara kadhaa kuliko maji, na protini zake hushika ukuta wa ncha. Kitufe kikibonyezwa, sehemu ya katikati hutoka, lakini utando mwembamba hubaki ukutani ukishuka polepole, na mtumiaji huwa amekwisha kuiondoa pipeti.

Jambo hili nalo linapimika. Mililita moja ya damu ina uzito wa karibu gramu 1.05, hivyo mikrolita 20 zapasa kuwa karibu miligramu 21. Maabara yetu ilitoa damu juu ya mizani kwa mwendo wake wa kila siku ikapata wastani wa miligramu 19.5, yaani kama mikrolita 18.6. Huo ndio upungufu wa asilimia 7 uliokuwa ukitafutwa.

Dawa yake ni mbili, nazo hazichanganywi. Ya kwanza ni kuosha ncha. Damu huvutwa kwa ncha kavu, nje ya ncha hupanguswa bila kugusa tundu, kisha damu hutolewa ndani ya mchanganyiko wa Drabkin, na mchanganyiko huo huo huvutwa na kutolewa mara tatu au nne mpaka ukuta wa ncha uwe mweupe. Kwa kuwa kila kilichovutwa kimeoshwa na kuingia chomboni, utando haupotei.

Ya pili ni uvutaji wa kinyume. Mtumiaji hubonyeza hadi kituo cha pili kabla ya kuvuta, hivyo huchukua damu zaidi ya inayotakiwa. Wakati wa kutoa hubonyeza hadi kituo cha kwanza tu, na ile ziada hubaki ndani ya ncha na kutupwa pamoja nayo. Utando unaobaki ukutani ni sehemu ya ziada hiyo, hivyo hauli ujazo unaotolewa. Njia hii hufaa pia kwa gliserini na sharubati nzito, lakini lazima kuvuta na kutoa kufanywe polepole sana, na ncha iachwe ndani ya kimiminika kwa sekunde mbili au tatu baada ya kuvuta, maana kimiminika kizito huendelea kupanda baada ya pistoni kusimama.

Anayechanganya njia hizo mbili hukosea upande wa pili. Akivuta kwa kinyume kisha akaosha ncha, ile ziada yote huingia chomboni. Vivyo hivyo, akilowesha ncha kwa damu kwanza, kisha akavuta na kuosha, utando wa mwanzo huongezeka juu ya mikrolita 20. Damu iliyobaki nje ya ncha nayo huongeza. Hapo mtoto mwenye gramu 6.7 anaweza kusomwa 7.2, na kosa hili ni la hatari zaidi kuliko lile la kwanza, kwa kuwa humrudisha nyumbani mgonjwa aliyestahili kuangaliwa.

Vimiminika vinavyotoroka

Vimiminika vinavyogeuka mvuke upesi huleta kosa la namna nyingine kabisa. Watafiti wanaopima wingi wa mwani katika maji ya ziwa huyachuja maji hayo, kisha huitoa klorofili ya mwani kwa asetoni au ethanoli. Anayevuta asetoni kwa mikropipeti kwa mara ya kwanza hushangaa kuona ikidondoka yenyewe kutoka kwenye ncha, ingawa hajagusa kitufe.

Sababu yake imo katika ile safu ya hewa. Kwa nyuzi 25, kanieneo ya mvuke wa asetoni ni karibu kilopaskali 31, wakati ya maji ni 3.2 tu. Asetoni ikiingia ndani ya ncha kavu, mvuke wake huanza kuchanganyika na hewa iliyofungiwa. Mvuke ukiongezeka, mchanganyiko huo hutaka nafasi zaidi, na nafasi iliyopo ni ile iliyokaliwa na kimiminika. Hewa ikishiba mvuke, ujazo wake huongezeka kwa kadiri ya kanieneo yote ya nje ikigawanywa kwa ile inayobaki baada ya kutoa ya mvuke. Pwani hesabu ni 101 gawanya kwa 70, yaani mara 1.4. Mwanza ni 88 gawanya kwa 57, yaani mara 1.5 hivi. Hapa, tofauti na katika maji, mwinuko unaonekana kwa macho, kwa kuwa asetoni hudondoka kwa nguvu zaidi kandokando ya ziwa kuliko pwani.

Dawa yake ni kuishibisha hewa hiyo kabla ya kupima. Kimiminika huvutwa na kutolewa mara tano au sita kwa ncha ile ile, kisha ndipo kipimo cha kweli huchukuliwa bila kukawia. Namna ya kujua kama imetosha ni kuishika pipeti wima juu ya chombo kwa sekunde kumi. Tone likijikusanya nchani, hewa haijashiba. Kulowesha huku, ambako katika damu yenye kuoshwa lilikuwa kosa, katika asetoni ni lazima. Pale ambapo usahihi mkubwa unatakiwa, hutumika pipeti ambayo pistoni yake hugusa kimiminika moja kwa moja. Katika hiyo hakuna safu ya hewa, hivyo hakuna kinachotanuka, na pistoni hukwangua utando ukutani.

Zoezi kwa ajili ya shule

Damu na mchanganyiko wa Drabkin, ambao una sianidi, havifai kwa darasa. Somo lile lile laweza kufanywa kwa maji, sharubati nzito ya sukari na spiriti. Shule yenye mizani ya kusoma hadi gramu 0.01 haiwezi kupima mikrolita 100 kwa mara moja, lakini inaweza kuzitoa mara ishirini ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba, ikapima gramu zote kwa pamoja na kugawanya kwa ishirini. Njia hiyo huonyesha wastani, ingawa haionyeshi mtawanyiko.

Wanafunzi wapime kwanza densiti ya sharubati kwa kujaza chupa ya ujazo ya mililita 50 na kuipima kabla na baada. Kisha watoe sharubati mara ishirini kwa uvutaji wa kawaida, na mara ishirini kwa uvutaji wa kinyume, wakigawanya uzito kwa densiti ili kupata ujazo. Hatimaye warudie kwa spiriti, mara ya kwanza kwa ncha kavu inayobadilishwa kila mara, na mara ya pili kwa ncha iliyoloweshwa mara sita, wakiwa mbali na moto.

Majibu yaandikwe katika jedwali moja, pamoja na joto la maji na uzito uliopotea kwa mvukizo katika muda uo huo. Darasa lijiulize maswali mawili. Katika kila safu ya jedwali, je, tarakimu zimetawanyika, au zimekaribiana lakini zimepotoka kwa upande mmoja? Na kama zimepotoka, je, kosa ni la pipeti, la mkono, la kimiminika, au la mizani iliyoachwa wazi katika joto la mchana?